Lango la Kutokea

Chumba cha mitambo cha hospitali kilikuwa zamani stoo ya mashuka, na mpaka leo kilinuka sabuni ya unga. Bi Nyaya, fundi wa mtandao, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, laptopu magotini, kebo ya bluu ikitoka kwenye laptopu kuingia tumboni mwa swichi mpya, kifaa kinachounganisha kompyuta za wodi na mtandao. Swichi ilimulika taa zake za kijani kama mgeni aliyeingia nyumba ya msiba akicheka, hana habari.

Na msiba ulikuwapo. Miaka mitatu nyuma, kwenye kabati hilohilo la chuma, kaka yake mkubwa alifunga swichi ya wodi ya wazazi. Kobe, walimwita, kwa sababu hakuwahi kuikimbiza kazi. Wiki ya tatu swichi ile ikaacha kupitisha majibu ya maabara. Kobe alikuwa safarini. Makao makuu wakataka kuingia ndani yake waitengeneze kutoka huko huko waliko, ikawa kama wanagonga ukuta. Simu za ndani nazo zilipita humohumo, zikafa. Kwa saa tano majibu ya damu yalibebwa mkononi, karatasi moja ikapotea njiani, na mama mmoja aliyekuwa anavuja damu akafa akiisubiri.

Mhandisi wa makao makuu akaja na gari, akabonyeza vitufe dakika mbili, akabadilisha nywila ili asiingie mwingine, akaandika ripoti ya mstari mmoja: fundi alikosea lango. Kobe akafukuzwa. Tangu siku hiyo anakaa dirishani kwa mdogo wake, hagusi hata rimoti ya televisheni.

Bi Nyaya hakuiamini ripoti ile hata kwa dakika moja. Kila kikao aliuliza: karatasi ya maelekezo aliyopewa Kobe iko wapi? Wakubwa walikohoa, wakatazama saa. Wenye ofisi husahau haraka. Anayesahauliwa ndiye hukumbuka kwa niaba ya wote.

Leo karatasi ilikuja yenyewe. Makao makuu walimtumia jedwali la swichi zote, za zamani na mpya, na kwa uvivu wao hawakufuta hata safu moja. Alilichapisha mapokezi kabla hajapanda.

Akaanza kazi. Kwanza jina, maana swichi isiyobatizwa hujiita Switch tu, na ukiwa nazo arobaini hutajua ni ipi inayokulilia. Akaipa WODI-B2. Kisha anwani ya usimamizi, 10.20.14.12, akaiweka kwenye VLAN ya usimamizi, njia ya ndani waliyotengewa mafundi, na kuiwasha, kwani VLAN hiyo huja imezimwa. Akaweka mtumiaji, nywila na funguo za kuingilia kwa usalama. Akachomeka kebo ya kwenda kwenye ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine, VLAN ikaamka.

Likabaki lango, yaani anwani ya ruta ambayo swichi huikabidhi kila jibu linalotakiwa kutoka nje ya mtandao wake. Jedwali lilisema 10.20.14.1. Jicho lake likapanda safu moja juu. WODI-B1, swichi ya Kobe. Lango: 10.20.14.1. Tarehe: siku nne kabla Kobe hajaifunga. Aliyeandaa: mhandisi, na sahihi yake yenye mkia.

Akaiagiza swichi iiite anwani ile inayoishia .1. Kimya. Akaiagiza iiite .254, mahali pengine ambapo mafundi hupenda kuweka ruta. Ikaitika papo hapo. Ruta ilikuwa huko, na .1 lilikuwa shimo tupu.

Akampigia simu mhandisi yuleyule.

“Mhandisi, lango la kwenye karatasi halipo. Ruta iko .254.”

“Dada, we fuata karatasi. Ya kufikiri tuachie sisi.”

“Niandikie hivyohivyo kwenye barua pepe.”

“Loo! Una maneno wewe.”

“Maneno sina. Nina kumbukumbu.”

Barua ikaja: *Fuata karatasi.* Herufi kubwa, nukta, basi. Bi Nyaya akaandika .1. Swichi ikaimeza bila kuguna. Mashine haiulizi kama lango ulilolitaja lina mlango. Huandika ulichosema, kama karani mwoga. Akachomeka laptopu kwenye VLAN ya usimamizi, akaiita 10.20.14.12. Ikajibu, na kujibu, na kujibu.

“Inajibu?” sauti ya mhandisi, ambaye hakuwa amekata simu, ikauliza.

“Inanijibu mimi, tumo mtandao mmoja. Jaribu wewe huko uliko.”

Vitufe vikasikika, kisha pumzi.

“Haijibu.”

“Salamu yako inaifikia. Jibu ndilo halijui pa kutokea.” Akapiga picha ya kioo cha laptopu, akatoa mstari wa .1, akaandika .254. “Sasa.”

“...Inajibu. Kuingia nako naingia. Haya, hifadhi, umeme usije ukakatika tukaanza upya.”

Akahifadhi. Kisha akasema polepole, “Na safu ya juu? Ile ya B1?”

Vitufe vikasikika tena.

“Hayo ya kale, dada. Jedwali nalirekebisha sasa hivi.”

“Rekebisha tu, baba. Langu nimeshalichapisha.”

Jioni alifika nyumbani karibu anakimbia. Kobe alikuwa dirishani, blanketi mapajani, chai mbele yake. Bi Nyaya akazitandaza karatasi mezani kama mtu anayelipa kisasi: jedwali, barua, picha.

“Soma, kaka. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ni wao! Lango walilokupa halikuwapo!”

Kobe alisoma polepole, kidole kikifuata safu. Hakushangaa. Hilo ndilo lililomtia dada yake baridi.

“Nilijua,” akasema.

“Ulijua nini?”

“Kwamba .1 halipo. Nililipima kama ulivyolipima wewe. Nikampigia mhandisi, akaniambia fuata karatasi. Nikafuata.”

“Si ndiyo hiyo! Mbona hukusema?”

“Nyaya, mdogo wangu, kaa kwanza.” Alingoja mpaka amekaa. “Ile fomu ya kukabidhi kazi ina kisanduku chini. *Imefikiwa kutoka makao makuu.* Mimi niliita kwa laptopu, nimekalia ndoo, ikajibu. Nikaweka alama ya vema. Sikumwambia ajaribu yeye. Ilikuwa saa kumi na moja, nilitaka kurudi nyumbani.”

“Walikulazimisha.”

“Lango walinilazimisha. Vema niliweka mwenyewe.”

Nje mtu alikuwa akimgombeza mtoto wake. Miaka mitatu Bi Nyaya alikuwa amebeba hasira kama mtungi uliojaa, akijua ni kichwa cha nani atakachokimwagia. Kichwa kilikuwapo bado, na kilistahili. Ila sasa kando yake kiliinama kingine, chenye mvi, alichokipenda.

“Kesho nazipeleka kwa bodi,” akasema. “Atajibu.”

“Zipeleke. Yule naye ana mama wa watu kwenye sahihi yake.” Kobe akamsogezea kalamu. “Lakini andika na la kisanduku.”

“Wakiliona hilo hawatasoma jingine! Unawajua!”

“Nawajua. Andika.”

Akaandika la mhandisi, ukurasa mzima, bila kupumua: tarehe, anwani, sahihi yenye mkia. La kisanduku lilihitaji mstari mmoja tu. Aliushikia kalamu mstari ule mpaka chai ya kaka yake ikaota ngozi juu, na Kobe hakumhimiza, wala hakuacha kumtazama.