Panda Wakati Wowote

Mwenye kitalu alisoma maneno ambayo shemeji yake alikuwa ameandika kwenye simu, chini ya picha ya miche: "Parachichi Hass mia tatu, embe Kent mia mbili, yote ya kupandikizwa. Panda wakati wowote!"

"Kiangazi hiki?" alimuuliza. "Itawafia watu."

"Ikifa watanunua tena. Wewe mwagilia, kuandika niachie mimi."

Maneno yale yalimchoma. Akampokonya simu, akafuta sentensi ya mwisho, akaandika: "Agiza sasa, chukua mvua zikishika. Chimba shimo mapema, changanya udongo na samadi iliyooza."

"Utatufilisi!"

"Toka kitaluni kwangu."

Akatuma tangazo. Shemeji akabamiza geti. Mvua ziliposhika, miche yote ilikuwa imeagizwa, na wao walikuwa bado hawasalimiani.