Viti vya Shangazi

Nilikuwa nimeketi mapokezi nikisubiri kuitwa kwenye usaili, nikafungua simu nijikumbushe nilichoandika kwenye barua ya maombi. Haikuwa barua niliyoiandika.

Barua hiyo nilichapiwa steshenari na binamu yangu, ambaye lazima amsaidie kila anayemkaribia. Alisema ataipiga msasa kidogo kabla ya kuituma kwa barua pepe yangu. Kidogo gani? Aya yangu kuhusu saluni ya shangazi haikuwapo. Mahali pake palisomeka kwamba nimeongoza kampeni ya kampuni ya sabuni na kupandisha mauzo kwa asilimia arobaini. Mimi, niliyemaliza chuo juzi, sabuni naijua ya kufulia.

Nilitaka kukimbia. Nikamfikiria shangazi, aliyenisomesha kwa jasho lake, akiniuliza imekuwaje. Kazi yenyewe ni ya msaidizi mdogo wa masoko, na ndiyo pekee iliyoniita tangu nihitimu. Nikisema kweli, naikosa. Nikidanganya, nitaulizwa swali la pili na kuumbuka. Bado natafuta njia ya tatu, nikaitwa.

Meneja masoko alikuwa mama wa makamo, miwani imeshukia puani, barua yangu mbele yake. Hakupoteza muda na salamu ndefu. Akaniomba nimweleze kampeni ya sabuni: wateja walikuwa akina nani, na ongezeko tulilipimaje.

Nikaiweka simu yangu mezani, kando ya barua.

"Samahani, mama. Sijawahi kufanya kampeni hiyo. Aliyenichapia barua ndiye aliyeiweka, nami nimeiona sasa hivi hapo nje."

Nikaanza kukusanya vyeti vyangu niondoke.

Meneja akavuta barua nyingine nne na kuzipanga mezani. Zote zilikuwa na sabuni ileile na asilimia arobaini zilezile. Binamu, Mungu amsamehe, alikuwa amewapiga msasa wateja wake wote. Aibu ilinishika, nikaona nimekwisha.

"Hawa sikuwaita," alisema. "Wewe nimekuita kwa mstari wako wa mwisho." Akausoma polepole: "'Ningependa kuwafanyia ninyi nilichofanyia viti vya shangazi.' Nimeusoma mara tatu. Viti gani?"

Binamu alifuta aya akasahau mkia wake.

Nikarudi kukaa. Hofu haikuondoka, ila sasa nilikuwa na la kusema.

"Shangazi ana saluni ya viti vitatu," nikaanza. "Katikati ya wiki vilikuwa vitupu. Nikawauliza wateja kwa nini hawaji, wakasema wanaogopa foleni. Basi kila asubuhi nikawa nawatumia kwa simu picha ya viti vitupu, ili wajue hakuna foleni. Wakaanza kuja. Wiki ya kwanza wanne, ya pili tisa."

"Ulijuaje ni picha iliyowaleta?"

"Niliwauliza, mmoja mmoja, wakisukwa."

Meneja akazisukuma kando barua zote tano, akachukua kalamu.

"Endelea," alisema. "Wiki ya tatu?"