Tunda Linaloelea

Vita vilipoteketeza vijiji vya Umatumbi, Mwamvua na mumewe Nassibu walipotezana njiani. Walikuwa wamekubaliana mapema: Mwamvua akimbilie kwa mjomba wake katika kijiji cha Ruaruke, na Nassibu akipata pa kujificha atume kitu cha huko, kimefungwa uzi mwekundu wa nguo ya mkewe.

Uzi uliletwa na wachuuzi wa chumvi, umepita mikono mingi hata aliyeuleta hakujua ulianzia wapi. Ulifunga tunda la msikundazi, mti wa mikokoni. Mwamvua alilia kwa furaha, akampelekea mjomba Tamimu, mkata boriti aliyeijua mikoko ya delta nzima.

Tamimu aliligeuza tunda, nyumba imejaa watu wakimtazama mdomoni. "Maparoni," akasema. "Nenda kamchukue mumeo."

Nani angemuuliza zaidi? Mwamvua alipanda mtumbwi siku ile ile, wala hakuacha neno kwa mtu, maana alijua anarudi na wake. Maparoni alipita kila kijiji akiulizia. Hakuna aliyemwona. Kila mwanamume mwenye mabega mapana aliyeinama kondeni alimpa matumaini, kisha akageuza uso, si yeye.

Aliporudi, jirani alimpokea kwa mikono kichwani. Nassibu alikuwa amekuja, yeye hayupo. Alikuwa kajificha kwenye mashamba ya mpunga karibu na Ikwiriri, askari walipopungua vivukoni akaja mwenyewe.

"Tukamwambia uko Maparoni, mjomba wako kasema. Hakulala, akakufuata."

Mwamvua alikaa chini. Walipishana kwenye mikono ya mto, labda kwa umbali wa kuitana. Kisha akamgeukia Tamimu.

"Mjomba, ulijuaje ni Maparoni?"

Tamimu akajibu, "Mti ule umejaa kule ninakokata boriti, ndiyo maana pakanijia kwanza. Lakini unaota mahali pengi maji yanapopungua chumvi. Na tunda lake linaelea, maji kujaa hulipandisha mto, mtu akaliokota mbali na mti wake. Nilijua yote hayo. Nilikuona unalia, nikataka kukupa mahali pamoja pa kwenda."

"Ungeniambia hujui hakika, ningeacha mtu hapa mlangoni amzuie."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa yuko wapi?"

Tamimu alihesabu kwa vidole, taratibu. "Nadhani Maparoni bado, hilo ndilo ninaloliamini zaidi. Huenda karudi Ikwiriri. Na huenda kakamatwa njiani. Hili silitaki, lakini lipo."

La mwisho lilimchoma, ila Mwamvua alilipokea. Alichana upindo wa nguo yake, akatoa nyuzi mbili za kumjulisha mumewe kuwa yupo nyumbani: moja ipelekwe na mtumbwi wa Maparoni, moja na wachuuzi wa Ikwiriri. Kwa lile la tatu, la kukamatwa, hakuwa na uzi wa kutuma. Kisha akatandika mkeka mlangoni, akakaa, na safari hii hakubanduka.