Tangazo Lisifutwe

Asubuhi hiyo tangazo lilitua kwenye kundi la mtandaoni la makarani wa maghala kama nyama iliyotupwa mbele ya paka wenye njaa. Kampuni kubwa ya usambazaji inataka makarani ishirini. Mshahara mnono, usaili hakuna. Mwombaji atume kwanza ada ya sare na kitambulisho kwa namba iliyo hapo chini, na mwisho ni leo saa sita mchana.

Aliyelibandika ni Nyapara. Hilo ndilo lililomkausha mate binti wa fundi cherehani.

Nyapara hakuwa mtu wa kubandika upuuzi. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, na nusu ya watu wa kundi lile walipata kazi kwa neno lake. Binti mwenyewe alikuwa ameahidiwa: Jumatatu aende getini, Nyapara amtambulishe kwa meneja. Tangu amalize chuo alikuwa ameomba kazi mpaka vidole vikaota sugu, na Jumatatu hiyo ilikuwa ya kwanza kuwa na sura ya kazi.

Akasoma tangazo tena. Chini yake watu walikuwa wanamiminika. Mmoja kaandika nipo tayari, mwingine kamshukuru Nyapara kwa kutowasahau, na karibu kila mtu kaacha namba yake ya simu hadharani, kama ilivyo desturi ya kundi. Matapeli hawana haja ya kutafuta, aliwaza. Wanaandaliwa meza.

Lakini kuwaza si kujua. Aliiingiza namba ile ya malipo kwenye simu yake kama anayetaka kutuma hela. Likatokea jina la mtu, si la kampuni, naye akaghairi kabla ya kuthibitisha. Kisha akavuka barabara hadi duka la jirani, ambako maboksi ya kampuni hiyo yalikuwa yamepangwa hadi darini. Ubavuni mwa boksi palikuwa na namba ya simu ya ofisi. Akapiga. Dada wa mapokezi alimsikiliza kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kuulizwa hilo mara nyingi, akamwambia kwamba hawana nafasi za ukarani kwa sasa, kwamba nafasi zikiwepo hutangazwa kwenye tovuti yao, na kwamba mwombaji hatozwi hata senti.

Akampigia Nyapara. Simu iliita hadi ikakata. Akapiga tena, kisha tena, ndipo akakumbuka: pale ghalani wafanyakazi huacha simu kwenye makabati ya getini mpaka mapumziko ya mchana. Nyapara alibandika tangazo, akafungia simu, akaingia kazini. Hatajua lolote mpaka saa sita ipite.

Akamweleza mama yake, aliyekuwa ameinamia cherehani akitia pindo kwenye pazia. Mama hakuinua kichwa.

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," alisema. "Huyo ndiye anayekupeleka kazini. Unataka umuumbue mbele ya watu wote?"

"Simuumbui, mama. Nataka wasilipe."

"Haya. Yeye atasikia kipi?"

Binti akachukua simu. Akaketi kwenye kizingiti, akaandika kwa hasira, maana hasira ilikuwa karibu kuliko maneno mengine yote. Aliwaita wezi, akawaita fisi, akauliza ni mtu mzima gani mwenye akili anayebandika kitu bila kukichunguza. Alipoisoma ile sentensi ya mwisho, akamwona Nyapara akiisoma pia. Akafuta yote. Akaanza upya, akabakiza kile tu ambacho angeweza kukitetea:

"Ndugu zangu, naomba tusubiri kabla ya kulipa. Nimepiga simu kampuni yenyewe kwa namba iliyochapwa kwenye maboksi yake. Mapokezi wamesema hawana nafasi hizi kwa sasa na hawatozi waombaji. Namba ya malipo imesajiliwa kwa jina la mtu binafsi. Kwa dalili hizi, tangazo linaonekana la utapeli. Aliyelileta hapa huenda naye ametumiwa tu, simtuhumu. Ambaye amelipa apigie huduma kwa wateja ya mtandao wake sasa hivi, ahifadhi ujumbe wote, atoe taarifa polisi. Akiombwa hela nyingine ili arudishiwe ya kwanza, asitume."

Akabonyeza, maneno yakakaa chini ya tangazo, kisha akaigeuza simu kifudifudi kama mtu anayefunika sufuria iliyoungua.

Majibu hayakuchelewa. Mmoja alisema kuna watu kazi yao ni kuziba riziki za wenzao. Mwingine akauliza kama Nyapara amekuwa tapeli lini, yeye aliyewalisha watu. Akatokea mtu asiye na picha, akaapa kwamba yeye alilipa na jana ameanza kazi. Binti akafungua ukurasa wa mtu huyo: ulikuwa umefunguliwa wiki hiyo hiyo. Ulimi ulimwasha. Akaandika kwa upole kwamba anampongeza, na kama hataona vibaya awaelekeze wenzake ghala liko mtaa gani, waende kuuliza wenyewe. Mtu asiye na picha hakuonekana tena.

Baadaye dada mmoja wa kundi akaandika kwamba alikuwa tayari kwenye foleni kwa wakala, na ametoka. Kisha kijana wa kupakua mizigo akasema yeye ametuma alfajiri, na sasa hivi wamempigia wakitaka hela ya bima. Binti akamjibu papo hapo: usitume, pigia mtandao wako kwanza. Kama hela yake itarudi, hakujua, na hakumwambia kwamba itarudi.

Saa sita ikapita. Simu ikaita. Nyapara.

"Mdogo wangu, umenivua nguo," alisema. Nyuma yake vilisikika vyombo vya watu wanaokula. "Tangazo nimetumiwa na mtu ninayemwamini. Sasa hivi nalifuta, tusahauliane."

Tusahauliane. Na Jumatatu je? Ilikuwa rahisi kusema sawa kaka, samahani kaka.

"Kaka, naomba usilifute."

"Nisilifute?"

"Ukilifuta, na onyo linafutika nalo. Namba za watu zimeshachukuliwa, wataendelea kupigiwa, na hawatakuwa na mahali pa kusoma. Liache. Andika wewe mwenyewe juu yake kwamba wasilipe. Mimi wananibishia. Wewe hawatakubishia."

"Unataka niandike nimekosea. Mbele ya vijana wangu."

"Andika kwamba ulitumiwa na umegundua. Si ndivyo ilivyo?"

Akamsikia akishusha pumzi, kisha simu ikakatwa. Mama alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. Sindano ilibaki imesimama katikati ya pindo.

Binti alilitazama lile tangazo akingoja litoweke. Halikutoweka. Juu yake pakaongezeka mistari mifupi, ya mtu asiyezoea kuandika: MSILIPE. Nilitumiwa nikaamini. Someni maelezo ya huyu binti hapa chini.

Baada ya hapo ukaingia ujumbe wa Nyapara kwake peke yake, wenye namba ya simu asiyoijua.

"Hiyo ni ya mlinzi wa getini. Siku nyingine jambo likiwaka, mpigie yeye aniite, usiningojee mchana. Na Jumatatu ukifika getini, mwambie huyo huyo aniite."

Akamsomea mama. Mama akasema haya, akakanyaga cherehani. Binti akarudi kwenye maoni, kwa sababu kijana wa kupakua mizigo alikuwa ameandika kwamba wamempigia tena.