Fremu Inayotosha Mikono

Zikiwa zimebaki siku tatu tuanze kupiga filamu yetu fupi, mwongozaji alikuwa ameshamtangazia kila mtu kwamba picha itakuwa pana, upana wake ukizidi kimo mara mbili na ushei. "Sinema hasa," alisema. Nami nisijitie utakatifu, nilikuwa wa kwanza kushangilia. Ndiyo kwanza nimeitwa mkuu wa kamera, na fremu pana humfanya hata anayeosha sufuria aonekane mtu wa maana.

Mhusika mkuu ni mdogo wangu. Ni kiziwi, anafundisha ushonaji, na mikono yake ina maneno makali kuliko mdomo wangu, jambo ambalo si dogo. Katika filamu ana hotuba moja: anamwambia mama yake, ambaye anasikia, kwamba anahama nyumbani. Aliitunga mwenyewe kwa lugha ya alama na kuifanyia mazoezi majuma mawili mbele ya kioo cha kabati. Hotuba hiyo ikiharibika, hatuna filamu.

Jumamosi asubuhi tukaenda kujaribu fremu katika nyumba tuliyokodi. Jiko lenyewe lilikuwa jembamba, watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Nikasimamisha kamera kando ya friji, nikabandika tepu nyeusi juu na chini ya monita kupata lile umbo pana. Monita tuliiweka sebuleni, na mbele yake tukamkalisha mwalimu wa useremala anayefanya kazi na mdogo wangu. Naye ni kiziwi, na hadithi hakuijua. Mimi na mwongozaji tukasimama nyuma yake.

Mdogo wangu akaanza kusema. Uso ulijaa vizuri, macho yanawaka. Kushoto friji, kulia mlango, chini kifua, basi. Mikono ilichomoza, ikazama, ikachomoza tena.

Seremala alinigeukia akauliza kwa alama, nami nikamtafsiria mwongozaji: "Anauliza, mbona mnamkatiza?"

"Hakuna aliyemkatiza," mwongozaji akasema. "Halafu tutaweka maandishi chini."

Nilipomfikishia mdogo wangu hayo, alinijibu taratibu, kama anayemwelekeza mtoto dukani. Nikatafsiri: "Anasema maandishi ni yenu mnaosikia. Wenzake watakuja kumtazama yeye."

Nikaona aibu. Miaka yote nimemkemea kila anayempa mgongo akizungumza, na hapa nimemfunika mikono kwa tepu yangu mwenyewe.

Mwongozaji akasema nirudi nyuma. Nikarudi mpaka kiuno kikagonga ukuta. Sasa mikono iliingia yote, lakini uso ukawa mdogo kama kifungo cha shati, umezungukwa na makabati. Seremala akatazama hadi mwisho, akasema maneno ameyapata, ila hajui kama binti ana hasira au anatania, maana haoni nyusi zake.

"Basi tupige yote, umbo tutalikata baadaye," mwongozaji akasema.

Hapo hasira zikanipanda. "Kaka, baadaye ni lini? Tukilenga pana, maiki ya kunasa sauti ya mama itaning'inia juu tu ya mstari wa tepu, taa nazo hivyo hivyo. Ukitaka kimo siku ya kuhariri utakuta maiki kichwani mwa mdogo wangu. Umbo linachaguliwa leo."

Nikairudisha kamera palepale kando ya friji, lenzi ileile. Nikabandua tepu za juu na chini, nikazibandika kushoto na kulia: nne kwa tatu, fremu ya televisheni za zamani. Friji ikatoka, mlango ukatoka. Akabaki mtu mmoja, kuanzia juu ya kichwa hadi kiunoni, uso mkubwa na mikono yote miwili.

Mdogo wangu akarudia hotuba. Seremala hakuuliza kitu. Ilipokwisha, akajifuta macho kwa kiganja, kisha akaniambia mama huyo ana bahati ya kuagwa hivyo.

Mwongozaji ni mtu mbishi, lakini si mjinga. Akachukua orodha ya shoti, akafuta umbo pana kwa kalamu katika kila ukurasa, ishirini na mbili kwa jumla, na kuandika nne kwa tatu. Kisha akamwita fundi sauti: "Maiki yako ipande. Taa pia. Huku juu na kule chini kuna maneno."

Nilijivuna, siwezi kuficha. Nilijivunia fremu yangu, na nikamjivunia zaidi mdogo wangu, ambaye alishaanza hotuba tena bila kuambiwa, safari hii akiiongezea kipande kipya mwishoni.

Mwongozaji aliinamia monita, akanivuta mkono. "Hapo kasema nini?"

Tangu nina miaka saba nimekuwa nikilijibu swali hilo, hospitalini, dukani, shuleni, hata kwenye posa yake.

"Mtazame," nikamwambia. "Yumo mzima."