Zege la Bertilla na Altare ya Mwenyekiti

"Nasema lizimwe! Sakramenti haiwezi kupita mbele ya ngurumo!"

"Na mimi nasema toa altare yako getini kwangu, gari liingie, limwage, likuondokee! Nani kakutuma uje kujenga kigango mlangoni kwa mtu?"

"Bertilla, unamfukuza Mungu?"

"Mungu simfukuzi. Nakufukuza wewe, Valerian."

Basi mtaa mzima wa Izia ulikuwa nje. Watu ambao asubuhi walikosa misa ya kwanza kwa sababu ya baridi, ghafla wakawa hawaisikii baridi tena. Rozina, ambaye akisikia ugomvi huacha hata mboga jikoni iungue, alishachukua kigoda chake na kukaa mahali pa kuonea vizuri, khanga mabegani, huku akiuliza kila anayepita, "Umefika lini? Umesikia alivyomwambia?"

Ugomvi wenyewe ulianza hivi. Bertilla, mwenye mgahawa, alikuwa anajenga ukumbi nyuma ya mgahawa wake, na leo ilikuwa siku ya kumwaga zege la sakafu. Nondo zilikwisha kufungwa, mbao zimepigwa pembeni, na fundi Tadei na watu wake walikuwa wamesimama na makoleo kama askari wanaosubiri mgeni rasmi. Zege lilikuja na gari kubwa lenye pipa, mali ya mkandarasi anayejenga barabara huko nje ya mji. Gari hilo siku za kazi hulioni, ni Jumapili pekee unapolipata. Kwamba Jumapili hiyo ilikuwa sherehe ya Ekaristi, na maandamano yangepita mtaa huohuo, Bertilla alikuwa anajua. Alijua pia kwamba maandamano yangefika mchana, na gari lingeshamaliza kazi mapema. Alichokuwa hajui ni kwamba mwenyekiti wa jumuiya na jirani yake, mzee Valerian, alfajiri alikuwa amebeba meza, vitenge na makuti na kusimika kituo cha maandamano katikati ya geti lake.

Kwa nini kwa Bertilla na si kwa Valerian mwenyewe? Kwa sababu ukuta wa Bertilla umepakwa rangi nyeupe juzi, na mbele ya nyumba ya mwenyekiti kuna dimbwi na bata. Mwenyekiti ni mnyenyekevu sana. Hakupenda kujionyesha na bata wake.

Sasa gari lilikuwa limesimama barabarani, injini inanguruma, pipa linazunguka taratibu, taratibu, kama mtu anayegeuza shingo kumtazama kila mtu aliyepo. Na desturi ya Sumbawanga inajulikana: Sakramenti ikipita, mwenye gari anazima, mwenye baiskeli anashuka, mwenye kofia anavua. Hata walevi husimama wima, wakishikana.

"Mwenyekiti, shikamoo," alisema dereva, akishuka. Alikuwa dada mwembamba aitwaye Stumai, mtu wa Kasanga, ziwani, mwenye sauti iliyozoea kushindana na upepo. "Gari naweza kulizima, ila pipa litasimama nalo. Injini ndiyo inayoendesha pampu, na pampu ndiyo inayosukuma mafuta yanayozungusha pipa."

"Marahaba. Sasa usinidanganye, mwanangu," Valerian alisema, akitabasamu kwa watu. Alikuwa na viatu vyeusi vipya na skafu ya jumuiya begani. "Mimi nimeona magari. Hilo pipa linazungushwa na matairi. Gari likitembea, nalo linazunguka. Likisimama, linasimama."

Watu wote wakatazama matairi. Yalikuwa yamesimama. Wakatazama pipa. Lilikuwa linazunguka.

"Hilo ni kwa sababu lilikuwa na mwendo," akaeleza Valerian bila kupepesa. "Subirini litapoa."

Rozina alicheka mpaka kigoda kikayumba. Stumai naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Angepewa nafasi angehubiri juu ya pipa hilo mpaka jioni.

"Mzee, zege si gunia la mahindi. Ndani mle kuna kokoto, mchanga, saruji na maji. Ukiliacha litulie, kokoto zinazama, maji yanapanda juu. Nikija kumwaga hapa, upande mmoja mama anapata mawe, upande mwingine anapata uji. Na saruji ikishalowa imeanza kazi yake, haingoji mtu. Kuzunguka hakuizuii kuganda, kunaichelewesha tu isishikane. Ikiachwa tuli itayashika mabapa mle ndani, na kesho watu wataingia kwa nyundo kuibomoa, mmoja mmoja, kama wanachimba madini."

"Mabapa gani?" aliuliza Bertilla. Alikuwa na haki ya kuuliza. Zege ni lake.

Stumai akampandisha ngazi ndogo ya nyuma ya gari. Bertilla akainama, akachungulia mdomo wa pipa, khanga ikampepea. Alidhani ataona mwiko mkubwa umesimama katikati unakoroga. Hakuona mwiko. Aliona chuma kipana kimechomelewa ukutani mwa pipa, kinapinda na kushuka, kinapinda na kushuka, mpaka gizani, kama njia inayozunguka mlima. Pipa lenyewe ndilo lililozunguka, na hayo mabapa yakashika zege na kulipeleka chini, tumboni, nalo likapanda kidogo ukutani na kujimwaga tena juu ya lenzake.

"Ni kama mashine ya kusagia nyama," Bertilla alisema, maana ya kwake aliijua.

"Eeh, ile parafujo ya ndani! Likizunguka huku, parafujo inasukuma zege ndani. Ukigeuza lizunguke kule, parafujo hiyohiyo inalipandisha mpaka mdomoni, linatoka. Halina mlango, mama. Ni kugeuza tu. Ndiyo maana njiani halizungushwi kule hata kwa utani, utasakafia barabara nzima."

"Kwa hiyo likiendelea kuzunguka hivi, zege langu liko salama?"

"Kwa muda. Si mpaka Krismasi."

Bertilla akashuka. Zege hili ndilo lilikuwa ukumbi wake. Likiharibika, hakuna gari tena mpaka Jumapili ijayo, na mkandarasi angeweza kusema basi. Kwa mbali, upande wa barabara kubwa, kwaya ilisikika.

"Mwenyekiti," alisema, sasa kwa sauti ya kubembeleza, ambayo haimkai, "sogeza meza kwako. Watu kumi tu, dakika chache."

"Kituo kikishawekwa hakihamishwi. Paroko ana ramani."

"Ramani ina bata?"

Watu wakaangua kicheko, na hapo Valerian akakasirika kikweli. Stumai na Tadei walikuwa wamekwenda kupima geti, wakikadiria kama gari linaweza kujipenyeza kando ya meza. Stumai alikuwa na mdomo mrefu wa kufundisha, lakini mkono wa nyuma wa gari, ule unaoamrisha pipa, alikuwa ameuacha bila kufunga pini yake. Mfereji wa kumwagia nao alikuwa ameshauteremsha mapema kuelekea getini, akiamini kila mtu hapo ana akili.

Valerian akazunguka nyuma kimyakimya, na akauona mkono. Kumbe ni rahisi hivyo! Akausukuma. Pipa likapungua, likapungua, likasimama.

"Mmeona!" alipaza sauti. "Limesimama, na injini inanguruma! Mnatishwa na wanawake!"

Lakini ngurumo ilikuwa bado ipo, na ngurumo ndiyo aliyoitaka ife. Akafikiri, kama wafikirivyo wenyeviti, kwamba kama nusu imesaidia, yote itamaliza. Akausukuma mkono mpaka mwisho.

Pipa likaanza tena. Safari hii kule.

Mwanzo kulisikika mkwaruzo tu wa kokoto juu ya chuma. Valerian akainama kuchungulia kinachokwaruza. Ndipo ulimi wa kijivu ukatokea mdomoni mwa pipa, ukaning'inia kidogo kama unaomba ruhusa, ukaporomoka kwenye mfereji, na mfereji ukaufikisha salama pale ulipoelekezwa: kwenye makuti, kwenye vitenge, na kwenye viatu vipya vya mwenyekiti.

"Yesu na Maria!"

"Rudisha!" Bertilla alipiga kelele.

Valerian akavuta kwa nguvu zote, kiwiliwili kizima, kumbe alichoshika si ule mkono bali mfereji. Zege likaendelea kuja, kwa adabu kabisa, bapa moja baada ya jingine likileta sehemu yake. Bertilla hakungoja. Aliruka zege lililomwagika, akampiga kumbo mwenyekiti wa jumuiya mbele ya jumuiya yake, akaushika mkono wenyewe, akaurudisha katikati, akasubiri pipa lisimame, kisha akaupeleka upande wa awali. Pipa likasita. Likageuka. Na lile zege lililokuwa mdomoni likarudi nyuma, likashuka tena kwenye giza lake, kama mgeni aliyegundua amekosea nyumba.

Stumai alifika akihema, akautazama mkono, akamtazama Bertilla. "Nani kakufundisha?"

"Mashine ya nyama. Na wewe ulipaswa kufunga huu mkono."

"Kweli. Nilipaswa," Stumai alikubali, na hiyo ilikuwa sentensi yake fupi kuliko zote siku hiyo.

Lililomwagika halikufika hata matoroli mawili. Tadei alilichota kwa koleo kabla halijashika, akalijaza kwenye dimbwi la Valerian, hivyo bata wakapata sebule. Meza, sasa ikiwa na kitenge cha kijivu ambacho hakikuwa kijivu asubuhi, ilibebwa na watu walewale waliocheka, ikasimikwa mbele ya nyumba ya mwenyekiti, ambako paroko, ilikuja kujulikana baadaye, alikuwa amekiweka kituo kwenye ramani yake tangu mwanzo.

Geti likawa wazi. Gari likaingia kinyumenyume. Stumai alizungusha pipa kwa kasi kidogo kwanza, ili zege lishikane upya, kisha akaligeuza. Safari hii mfereji ulimtii mwenye kazi, na zege likatiririka laini juu ya nondo, kokoto na mchanga na saruji vikienda pamoja. Tadei akalivuta kwa ubao, akatikisa kichwa kwa furaha. Halikuwa na mawe upande mmoja wala uji upande mwingine.

Walikuwa wanasawazisha kona ya mwisho kwaya ilipokunja mtaani. Pipa lilikuwa tupu. Stumai akamimina ndani maji ya kusuuzia, akaliacha lizunguke mara chache, akayamwaga shimoni. Kisha akazima injini, kwa hiari yake, Mwislamu wa Kasanga, akashuka na kusimama wima.

Kimya kikashuka Izia. Sakramenti ikapita. Valerian alipiga magoti mbele ya altare yake, skafu begani, suruali imekakamaa mpaka magotini, na alipotaka kuinuka kwa wimbo alilazimika kusaidiwa na watu wawili. Paroko alimtazama miguu, akameza kicheko, akaendelea kuimba.

Maandamano yalipokwisha, watu walitawanyika polepole, wakitembea kinyumenyume ili wasikose chochote. Valerian alibaki kwenye bomba la Bertilla akisugua miguu, ndara za kuazima zikimsubiri kando. Saruji inaunguza ngozi, na Bertilla, ambaye angeweza kucheka, alimletea sabuni na taulo, akacheka pia.

"Sugua kwa nguvu, isije ikakushika. Tutakuja kukubomoa kwa nyundo."

"Nimekosea kuhusu matairi," Valerian alisema, akiangalia bomba.

"Matairi hayana kosa. Vua hiyo skafu, nawa mikono, samaki wangu wa migebuka wanaungua na kwaya nzima imeshaniingia ndani. Mwambie na mkeo aje. Na Stumai yuko mezani, anaeleza pampu. Wahi, kabla hajamaliza ugali wote kwa mifano."