Likizo ya Sauti

Kwa Muhonja, kuandika maelezo ya watu ilikuwa kazi ya kila siku. Kwenye saiba, duka la intaneti alilofanyia kazi mjini Kakamega, wenye saluni, mafundi na vijana waliotafuta wachumba walimletea simu zao awatengenezee mstari wa kujitambulisha. Njia yake ilikuwa ileile: aliwasikiliza wanavyoongea, akaandika kirefu, kisha akafuta kila neno ambalo mtu mwingine yeyote angeweza kulisema. Kilichobaki, hicho ndicho kilikuwa chao.

Leo simu ilikuwa ya baba yake, na baba yake hakuongea.

Mzee Shivachi alikuwa mtangazaji wa mapigano ya fahali. Pale Khayega, fahali hawakuingia uwanjani kabla hajawasifu na kuwatania wamiliki wao. Kwenye WhatsApp, chini ya jina lake, alikuwa ameandika: “Fahali asiponguruma, nitanguruma mimi.” Kisha kiharusi kikampiga. Alipotoka hospitalini, mkono wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalikuwa yamefungiwa ndani. Alisikia kila kitu, akasoma polepole, lakini kusema au kuandika hakuweza. Alitikisa kichwa katakata walipotaka ugonjwa wake utangazwe kanisani. Simu zilipoita, alizikata. Marafiki wakaanza kusema mzee ameota kiburi.

“Baba, tubadilishe huu mstari,” Muhonja alisema, akivuta kiti karibu na kitanda. “Watu wajue kwa nini hupokei.”

Akaandika: “Naugua. Niombeeni.” Akamwonyesha. Mzee aliisukuma simu kwa mkono wa kushoto.

“Sawa. Hii je? ‘Mungu ni mwema, naendelea kupata nafuu.’”

Mzee akafumba macho, akakoroma kwa makusudi.

“Ah! Inakulaza?” Muhonja akacheka bila kutaka. “Haya, nimekuelewa. Hayo hata jirani angeandika.”

Alimtazama. Kisha akajaribu kumsikia baba yake alivyokuwa uwanjani, alivyoweza kumcheka mtu na yule mtu akanunua soda kwa furaha. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Hatimaye akasoma kwa sauti:

“Sauti imeenda likizo bila kuaga. Masikio yapo kazini. Andika, nitajibu kwa dole gumba.”

Mzee aligeuza uso. Upande mmoja wa mdomo ukapanda, bega likatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu augue. Akainua dole gumba, lile la kushoto.

Muhonja akahifadhi. Kwa kuwa WhatsApp haimwambii mtu kwamba mwenzake amebadilisha maelezo, alimtumia Osiako picha ya mstari huo kwa simu hiyohiyo ya mzee. Osiako ndiye aliyekuwa rafiki wa mzee wa karibu kuliko wote, na fahali wake angepigana Jumamosi.

Jibu lilikuja upesi: nyuso sita zinazolia kwa kicheko. Kisha: “Wewe mzee hutaacha!” Kisha simu ikaita.

Safari hii mzee hakukata. Aligusa kitufe cha kijani mwenyewe, na Muhonja akaweka sauti ya nje.

“Likizo gani hiyo, Shivachi? Umelipwa?” Osiako alikuwa anacheka. “Hebu sema. Jumamosi unakuja ama unakuja?”

Mzee alifungua mdomo. Ikatoka sauti moja nzito, bila neno.

“Unanguruma? Ngurumia fahali, si mimi!” Kicheko kikapungua. “Bwana, mimi nakupigia, wewe unakatanga simu. Leo unapokea unanifanyia mchezo. Nimekukosea nini?”

“Mzee Osiako, ni mimi Muhonja,” alisema haraka. “Si mchezo. Baba—”

Mkono wa kushoto wa mzee ukamshika kifundo cha mkono. Haukuwa na nguvu nyingi. Macho ya mzee yalikuwa yamejaa maji, na kichwa kilikuwa kikisema hapana, hapana.

“Baba nini?” Osiako akauliza. “Amekutuma uongee kwa niaba yake? Mwambie akae na kiburi chake. Nitatafuta mtangazaji mwingine.” Simu ikakatika.

Muhonja alifungua tena yale maelezo. Kidole chake kikakaa juu ya kalamu ndogo ya kubadilisha. Mstari haukuwa na uongo hata mmoja. Ulikuwa baba yake kabisa, na kwa sababu ulikuwa yeye kabisa, aliyemjua zaidi aliudhani mzaha.

“Niandike kiharusi, Baba? Neno moja tu.”

Mzee akatikisa kichwa. Akaisoma tena ile sentensi kwenye kioo, polepole, na mdomo ukapanda upande mmoja.

Muhonja hakufuta. Akaiweka simu kitandani, kati yao. Simu ilipoita tena, jina likiwa la Osiako, walitazamana, na hakuna aliyenyoosha mkono: mzee hakuweza kusema, na Muhonja alikuwa amekatazwa.